Taa tatu za dashibodi ambazo dereva mgeni huzipuuza

Dereva aliyetoka mafunzoni juzi akiona taa nyekundu ya oili anasimama. Za manjano na kijani huzichukulia kama mapambo. Katika hizo, inayonisumbua zaidi mimi mkufunzi ni taa ya ukungu ya nyuma.

Alama yake ni ya manjano: umbo la taa, na kulia kwake mistari iliyonyooka inayokatwa na mstari wa mawimbi. Ya ukungu ya mbele ni ya kijani, na mistari yake imeinama kuelekea kushoto. Huko nyuma ya gari inawaka nyekundu, mara nyingi moja tu upande wa dereva, kwa mwanga mkali kama wa breki. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana taa hii.

Tuseme umetoka Tukuyu alfajiri unaelekea Uyole, ukungu umeshuka hata lori lililo mita 100 mbele yako hulioni. Hapo iwashe. Shida huanza ukungu ukishaisha nawe umesahau kuizima. Anayekufuata anaumizwa macho, na ukikanyaga breki haoni tofauti upesi, kwa sababu wekundu ule ameuona njia nzima. Akikupigia taa kubwa mara mbilimbili, tazama dashibodi kabla hujamtukana.

Alama ya kioo chenye maji yanayoruka ni nyepesi zaidi: maji ya kuoshea kioo yanakaribia kwisha. Lakini subiri lori likurushie tope ndipo ujue kazi yake, maana waipa ikipita kavu inasambaza tope na kukwaruza kioo. Fungua boneti utafute kifuniko chenye picha ileile, ujaze maji safi. Usimimine kwenye chombo cha maji ya rejeta, wala usitie sabuni ya vyombo. Inatoa povu na kuacha utando. Na maji yasipotoka, achia swichi, kwani pampu ikizunguka kavu huungua.

Ya tatu ni alama ya mita yenye mshale, ya mfumo wa kushika mwendo, wenyewe huuita kruzi. Katika magari mengi, nyeupe au manjano maana yake mfumo uko tayari. Kijani, umeshika mwendo. Umebonyeza SET kwenye 80, ukafika kijijini penye kikomo cha 50, ukakanyaga breki. Kijani kimezimika, ila ile 80 bado imo kwenye kumbukumbu. Ukigusa RES hapo kijijini, gari linakimbilia 80 bila mguu wako kugusa mafuta. Wakati wa mvua zima mfumo wote. Kwenye mteremko kama Kitonga pia zima: kruzi ya kawaida inapunguza mafuta tu, haifungi breki, na gari litapita mwendo uliouweka. Teremka na gia ndogo.