Padre halali, Misa halali, ndoa batili

Katika kazi yangu ya sheria za Kanisa, majalada yanayoniuma zaidi ni yale ambayo hakuna aliyekusudia kukosea. Moja halinitoki akilini. Bwana harusi alikuwa na mjomba wake padre, akamwomba aje awafungishe ndoa. Mjomba akasafiri kutoka jimbo la mbali, akaadhimisha Misa, akawauliza maharusi maswali yote, akapokea ridhaa yao, akawakomunisha. Paroko wa pale alikuwa safarini na hakuna aliyemwomba idhini. Miaka ikapita, na siku moja mtu aliyekuwa akikagua daftari la ndoa akaona kwamba hakuna mahali palipoandikwa nani alimruhusu padre yule. Kwa sheria ya Kanisa, wale wawili walikuwa hawajaoana.

“Lakini ndugu yangu ni padre!” mama wa bwana harusi aliniambia, machozi yakimlengalenga. Ni kweli, ni padre, na Misa aliyoiadhimisha siku ile ilikuwa Misa halali. Saa ileile, altare ileile, mtu yuleyule alikuwa na uwezo wa jambo moja na hakuwa na uwezo wa jingine.

Sababu ni kwamba mambo hayo mawili yana chimbuko tofauti. Misa inategemea daraja. Aliyewekewa mikono na askofu akawa padre anao uwezo huo popote aendapo, na hata akiadhimisha bila ruhusa atakuwa amekosa utii, lakini Misa itabaki Misa. Kufungisha ndoa kunategemea mamlaka ya mahali. Kanuni ya 1108 inamtaja askofu wa mahali, paroko, au padre au shemasi aliyekasimiwa mamlaka na mmoja wao, pamoja na mashahidi wawili. Kwa ndoa moja, idhini inaweza kutolewa hata kwa mdomo, mradi anayeitoa amtaje mtu na aitaje ndoa yenyewe. Idhini ya jumla lazima iandikwe. Kusema “paroko angekubali tu” hakutoshi, kwa sababu idhini ya kudhaniwa si idhini. Zipo hali ambazo Kanisa lenyewe huziba pengo, kama pale jumuiya inapokuwa na sababu ya kuamini kwamba padre aliye mbele yao ana mamlaka, ila hiyo ni hoja ya kubishaniwa mahakamani, na simshauri mtu yeyote aijengee ndoa yake juu yake.

Kwa nini ugumu wote huu? Kwa mapokeo ya Kilatini, yale ya Kanisa la Magharibi, padre haozeshi. Wanaopeana sakramenti ya ndoa ni bwana na bibi wenyewe kwa ridhaa yao, na kazi ya padre ni kuiuliza na kuipokea ridhaa hiyo kwa jina la Kanisa. Ni shahidi mwenye mamlaka. Kwa karne nyingi hata shahidi huyo hakuwa sharti la uhalali: wawili wakiridhiana faraghani walikuwa wameoana. Madhara yake yalikuwa mazito. Mwanamume aliweza kumkana mke aliyemwoa kwa siri na kumwoa mwingine hadharani, na mke wa kwanza hakuwa na pa kushika. Ndiyo maana Mtaguso wa Trento mwaka 1563 ulidai paroko na mashahidi wawili au watatu. Amri ile ilifanya kazi tu pale ilipotangazwa, na mwaka 1907 Papa Pius wa Kumi akaueneza utaratibu huo karibu katika Kanisa lote la Kilatini.

Anayetaka kuona kwamba kweli padre ni shahidi asome kanuni ya 1116. Ikiwa hapatikani mwenye mamlaka bila usumbufu mkubwa, na inaonekana kwa busara kwamba hali hiyo itadumu mwezi mzima, wawili wanaweza kuoana kihalali mbele ya mashahidi wawili peke yao. Tena mahali penye uhaba wa mapadre na mashemasi, askofu anaweza kumkasimu mlei afungishe ndoa, baada ya maaskofu wenzake kuunga mkono na Roma kuruhusu. Mlei huyo hawezi kamwe kuadhimisha Misa.

Makanisa ya Mashariki yanaona vingine. Kwao baraka ya padre ni sehemu ya kile kinachoifanya ndoa iwe, si ushahidi tu. Kwa hiyo shemasi, ambaye kwa Walatini anafungisha ndoa kila siku, kwao hawezi. Kulikuwa na mgongano hapo kwa Wakatoliki wa mapokeo mawili wanaooana, na mwaka 2016 Papa Fransisko akaumaliza: mmoja wa maharusi akiwa wa Kanisa la Mashariki, lazima afungishe padre. Nikiona jina la shemasi kwenye ndoa ya namna hiyo, natazama kwanza tarehe na ubatizo wa kila mmoja.

Rafiki zangu Waislamu huniuliza kama wao wana shida hii. Wanayo, ila imekaa mahali pengine. Imamu hana daraja. Katika hadithi mashuhuri, anayetangulizwa kwenye sala ni yule aliye msomaji zaidi wa Kitabu cha Mungu, kisha mjuzi zaidi wa Sunna. Mwanamume yeyote anayekidhi masharti ya sala anaweza kusimama mbele ya watu, na akitoka kwenye safu anarudi kuwa kama wenzake. Kwenye nikahi, uimamu wake haumpi chochote. Ndoa ni mkataba: ijabu, yaani tamko la kuozesha, kutoka upande wa mwanamke, kabuli, yaani tamko la kukubali, ya mwanamume, na mashahidi wawili. Katika madhehebu ya Shafii anayetamka ijabu ni walii, kwa kawaida baba, au mtu ambaye baba amemfanya wakili wake. Imamu akimwozesha binti ambaye baba yake yuko karibu na hakumpa uwakala, nikahi hiyo ni batili kwa Mashafii, hata kama hotuba ilikuwa nzuri na msikiti ulijaa. Asiye na walii huozeshwa na kadhi, kwa mamlaka ya hukumu. Kwa Mahanafi mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kujiozesha, kwa hiyo maneno yaleyale ya wawili walewale huhesabiwa ndoa, ingawa walii anaweza kulalamika kwa kadhi kwamba mume si kufu yake.

Luther, mwaka 1529, aliwaandikia wachungaji kwamba ndoa ni jambo la dunia, na kwamba wao wasikatae kuwaombea na kuwabariki wanaoliomba. Ndiyo maana katika makanisa mengi ya Kiprotestanti hutasikia habari ya ndoa kubatilika kwa sababu mchungaji alitoka usharika mwingine. Kinachotazamwa hapo ni kama sheria ya nchi inamtambua. Mzee wa kanisa kwa Wapresbiteri anaweza kuongoza sala, lakini meza ya Bwana huachiwa mchungaji. Wakweka wa mikutano isiyo na wachungaji hawana wa kumwachia: wawili husimama katika mkutano wa ibada, hutamka ahadi yao, na wote waliohudhuria hutia sahihi hati moja.

Wale wa jalada langu? Walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kutoa ridhaa upya mbele ya paroko na mashahidi wawili, jambo la dakika chache. Ya pili ni askofu kuiponya ndoa tangu shina, ridhaa ya siku ile ihesabiwe bila kurudiwa. Bibi harusi alichagua ya pili. Alisema alishasema “ndiyo” na hakuwahi kuifuta.