Machweo mazuri, nyuso nyeusi: dhana zinazowapotosha wapiga picha

Nina picha moja ya harusi ambayo simwonyeshi mteja. Maharusi wamesimama juu ya mwamba, anga nyuma yao limewaka rangi ya chungwa, na wao wenyewe wako kama watu waliokatwa kwa karatasi nyeusi. Mama wa bibi harusi aliishika kamera yangu, akaisogeza mbali, akairudisha karibu, kisha akaniuliza kwa upole, "Baba, mwanangu ni yupi hapa?" Sikuwa na la kumjibu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kosa lilianza kabla sijabonyeza, kwenye mambo ambayo wapiga picha tunaambiana kila siku na kuyaamini.

"Kamera yako haina uwezo"

Hii ndiyo husemwa kwanza, na ndiyo inayowatoa watu pesa bure. Ukweli ni kwamba hata kamera ya bei mbaya itakupa kivuli kilekile ukiiachia ijiamulie. Kamera hupima mwanga wa eneo zima na kutafuta wastani. Anga likijaza robo tatu ya fremu, wastani huo ni wa anga, na mtu anaishia gizani. Zipo zinazotambua uso na kuupa uzito zaidi, lakini nazo hugawa hasara tu: uso unapata nafuu kidogo, anga linapauka kidogo.

Jioni moja niliamua kupima. Jua lilikuwa limebakiza kidogo kugusa upeo wa macho. Anga la pembeni mwa jua lilitaka ISO 100, f/4 na shata ya 1/250 ya sekunde. Uso wa rafiki yangu, aliyeligeuzia jua mgongo, ulitaka ISO na f hizohizo lakini shata ya 1/15. Hapo kuna tofauti ya stopu nne. Kila stopu ni mara mbili ya ile iliyotangulia, kwa hiyo anga lilikuwa na mwanga mara 16 kuliko uso wake.

Sisi tuliosimama pale hatukuiona tofauti hiyo, kwa sababu jicho huruka kutoka angani hadi usoni na kujirekebisha kila linapotua. Kamera haina nafasi hiyo, inachukua vyote kwa mpigo mmoja. Kazi yote ya jioni, basi, ni kuipunguza hiyo 16.

"Gusa uso kwenye skrini, yamekwisha"

Hayajaisha. Ukigusa uso, simu inauangaza, na papo hapo anga linageuka jeupe kama shuka. Umehamisha hasara kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Sehemu ikishaungua ikawa nyeupe kabisa, hakuna rangi iliyobaki ndani yake ya kuirudisha.

Kugusa ni hatua ya kwanza tu. Gusa uso, shikilia kidole mpaka kipimo kijifunge (kwenye iPhone utasoma AE/AF LOCK), halafu teremsha taratibu kile kijua kidogo cha pembeni mpaka rangi ya anga ianze kurudi. Simama pale ambapo bado unaona mashavu na macho. Iache HDR ikiwa imewashwa, maana simu hupiga fremu kadhaa zenye mwanga tofauti na kuziunganisha kuwa moja. Ila waambie watu watulie, kwani mtoto anayekimbia anaweza kutokea na mikono mitatu.

Kwa wenye kamera wanaotumia kipimo cha Spot, kinachosoma mwanga wa kipande kidogo tu cha fremu, kuna mtego ambao wengi hatukufundishwa. Kipimo hicho hukichukulia kila kitu kana kwamba ni cha kijivu cha wastani. Ukikielekeza kwenye ngozi nyeusi iliyokolea, kitakwambia uongeze mwanga kupita kiasi. Ngozi inatoka na ujivujivu usio wake, na anga linaungua bila sababu. Kwa ngozi kama hiyo mimi hushuka karibu stopu moja chini ya kinachosemwa. Kwa ngozi nyeupe hupanda karibu stopu moja. Uso mweusi hauhitaji kugeuzwa maji ya kunde ndipo uonekane. Unachohitaji ni mng'ao juu ya shavu, mstari wa mwanga kwenye pua, na kidoa cheupe ndani ya jicho. Vitatu hivyo vikiwepo, mtu anatambulika hata picha ikiwa na giza. Visipokuwepo, hata ukiangaza vipi uso unabaki bapa.

"Jua likishazama, funga begi"

Nimewaona wengi wakikunja vifaa dakika ileile ambayo kazi ya nyuso ndiyo inaanza. Saa ya dhahabu kwanza si saa nzima. Jua husafiri nyuzi 15 kwa saa, na karibu na ikweta hushuka karibu wima, kwa hiyo zile nyuzi sita za mwisho juu ya upeo wa macho huisha kwa dakika 24 hivi. Ukienda mbali na ikweta jua hushuka kwa mshazari, na muda huo hurefuka.

Duara la jua likishapotea, chanzo kikali kuliko vyote kimeondoka kwenye fremu, lakini anga lote bado linang'aa na kumwagia watu mwanga laini. Anga la magharibi linafifia haraka kuliko uso. Jioni ile niliyopima, dakika kumi baada ya jua kuzama tofauti ilikuwa imeshuka kutoka stopu nne hadi mbili hivi, nami sikuwa nimefanya chochote zaidi ya kungoja. Gharama yake ni kwamba mwanga wote umepungua: utapandisha ISO hadi 800 au zaidi, na watu wasimame imara.

Kama lazima upige jua likiwa bado lipo, usiwaweke watu mgongo moja kwa moja. Wageuze nusu, mwanga uwaguse shavu moja, nawe uhame hatua chache ili anga lenye rangi libaki nyuma yao. Riflekta, au hata shuka jeupe lililoshikwa mbele yao usawa wa kifua, hurudisha jua usoni vizuri sana. Lakini jua likishazama haina tena cha kurudisha, na msaidizi wako anabaki ameshika shuka tu.

"Flashi inaua machweo"

Hapa ndipo nilipoamini vibaya kwa muda mrefu kuliko pote, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kinachoua machweo ni flashi iliyochomekwa juu ya kamera, nyeupe, kwa nguvu zote, kamera ikiwa kwenye Auto. Flashi yenyewe haiwezi kuligusa anga, lipo mbali mno. Ukilielewa hilo, picha inagawanyika kuwa kazi mbili: shata inaamua anga litokeeje, nguvu ya flashi inaamua uso utokeeje.

Chukua maharusi wawili wamesimama, jua nyuma yao linakaribia kuzama. Ninaweka kamera kwenye M, ambako naamua kila kitu mwenyewe, na kupiga kwanza bila flashi kabisa: ISO 100, f/4, 1/200, nikiangalia anga peke yake. Ninalitaka liwe na giza kidogo kuliko ninavyoliona, rangi zishibe. Maharusi hapo ni weusi tii, na sijali.

Halafu naleta flashi, ikiwa kwenye stendi, mita mbili kutoka kwao, pembeni kiasi cha nyuzi 45, juu kidogo ya macho yao, ikipita kwenye mwavuli mweupe. Naanza na 1/16 ya nguvu. Uso ukitoka na giza napandisha hadi 1/8, ukitoka umepauka nashusha. Anga halitikisiki, iwe nimepandisha au nimeshusha.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu nyuso zinaonekana kama zimebandikwa kutoka picha nyingine. Tatizo ni rangi. Flashi hutoa mwanga wa karibu 5500K, mweupe wa mchana, wakati jua la jioni liko karibu 3000K, jekundu-chungwa. Vikikutana, uso unaonekana na ubuluu. Dawa ni kipande cha plastiki ya rangi ya chungwa, ile inayoitwa CTO, kinachofunikwa kwenye kioo cha flashi. Mimi hutumia nusu, yaani 1/2 CTO, kwa kuwa nzima hunipa nyuso za manjano mno. Kinakula mwanga kidogo, ongeza nguvu.

Uzuri wake unauona anga linapofifia. Huhitaji kuanza upya. Punguza mwendo wa shata tu, kutoka 1/200 kwenda 1/100, baadaye 1/60. Anga linarudi, na nyuso zinabaki karibu vilevile, maana mwako wa flashi ni mfupi kuliko shata yoyote kati ya hizo.

Mpaka upo upande wa pili. Kamera nyingi hukubaliana na flashi hadi shata ya 1/200 au 1/250. Ukizidisha, utaona utepe mweusi umekata upande mmoja wa picha. Flashi zenye HSS huvuka mpaka huo, ila hupoteza nguvu nyingi. Na ile taa ya nyuma ya simu usiitegemee zaidi ya mita moja hivi. Mwombe mwenzako awashe tochi ya simu yake asimame karibu nao, pembeni, nje ya fremu. Si mwanga mzuri, lakini macho yatapata kile kidoa cheupe.

"Nitaivuta baadaye kwenye kompyuta"

Kiasi, ndiyo. Faili ya RAW, ile ghafi ambayo kamera haijaichakata, inavumilia kuvutwa stopu mbili usoni bila kelele. Ukifika nne, chembechembe zinajitokeza na madoa mekundu na ya kijani yanatambaa chini ya kidevu na shingoni. JPEG huchoka mapema zaidi. Ukiwa na shaka, linda anga kuliko uso, kwa kuwa giza lina kitu ndani yake na weupe ulioungua hauna. Duara la jua lenyewe litaungua tu, liache.

Na usiamini skrini. Giza likianza kuingia, skrini ileile inaonekana angavu kuliko picha ilivyo, ukifika nyumbani unakuta nyuso zimezama. Angalia histogramu, ile grafu inayoonyesha giza na mwanga wa picha, kisha kuza picha mpaka jicho la bibi harusi lijaze skrini. Ukiona mahali unyusi unapoishia na ngozi inapoanzia, RAW itakufikisha. Usipopaona, waombe wasishuke mwambani kwanza.