Kisiki hakijafa

"Mti ukishakatwa kwa mkaa, si ndiyo basi, msitu umekwisha?"

Kwenye misitu ya miombo, hapana. Mti wake kama mtundu au myombo ukikatwa, mizizi hubaki hai, na mvua zikianza kisiki hutoa machipukizi mengi yanayokua haraka kuliko mche wa mbegu, kwa sababu yanalishwa na mizizi ya mti mzima. Kata chini ya goti, mkato ulale mshazari ili maji yasituame, na usibandue gome.

Kinachoua ni yale yanayofuata: moto wa kila kiangazi, mbuzi, au jembe linalong'oa visiki. Na tanuri lenyewe! Pale lilipowaka udongo huungua na visiki vya chini yake hufa, kwa hiyo lipange penye uwazi.

Sasa mzunguko wa kuvuna. Vijiji vya wilaya ya Kilosa, Morogoro, vilipanga kurudi kwenye kipande kilekile cha msitu baada ya miaka 24. Mkiwa na hekta 240, mnavuna hekta 10 kwa mwaka, tena kwa vitalu vilivyotawanyika, kila kimoja kikizungukwa na miti iliyosimama. Mwaka wa 25 mnarudi kitalu cha kwanza. Mkikuta fito nyembamba kama mkono, kiacheni kwanza.