Bibi wa Nansio Hajafa: Dhana Potofu Kuhusu Kuomba Likizo ya Matibabu ya Uzazi

Mwaka huu peke yake nimeshapokea vifo vitatu vya bibi ambavyo havikutokea. Nafanya kazi ya rasilimali watu hapa Mwanza, zaidi ya miaka kumi sasa, nyingi katika kampuni za samaki, na kila nikifungua barua ya msiba yenye tarehe zilizopangwa vizuri mno huwa najua. Msiba hauji na tarehe ya kurudi iliyopigiwa mstari. Mara nyingi mwenye barua ni dada anayekwenda kupandikizwa mimba Dar au Nairobi, na hataki ofisi nzima ijue. Hilo namwelewa kabisa. Ninachoshindwa kuelewa ni kwa nini anachagua njia mbaya kuliko zote.

Dhana: "Ama niseme yote, ama nidanganye."

Hii ndiyo inayonichosha. Watu wanaamini kwamba barua ya likizo ina milango miwili tu: unaandika "naenda kupandikizwa mimba" na kufika saa nne asubuhi kantini nzima inajua, au unamuua bibi. Mlango wa tatu upo, na ndio mpana zaidi. Unaandika kwamba unakwenda kwenye matibabu, unataja siku, unataja cheti kitakachofuata, basi. Kunyamaza kuhusu aina ya ugonjwa ni haki yako. Kutunga msiba ni udanganyifu, na udanganyifu mkubwa umetajwa kwa jina miongoni mwa makosa yanayoweza kumfukuzisha mtu kazi katika Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007.

Nawapa kisa kimoja, kampuni siitaji. Dada mmoja wa stoo aliandika kwamba bibi yake amefariki Nansio, akaomba siku nne. Alisahau kwamba sisi Watanzania msiba hatuuachi upite hivi hivi. Wenzake walichanga rambirambi, wakateua watu watatu, wakapanda meli asubuhi kwenda Ukerewe. Walimkuta bibi uani anageuza dagaa kwenye turubai, akawauliza wamekuja kwa nani. Wakati huo mjukuu wake alikuwa Dar, amelazwa kitanda cha mapumziko, ametoka kuvunwa mayai saa mbili zilizopita.

Kikao cha nidhamu kilikuwa na watu watano. Ili ajitetee ilibidi atoe karatasi zote za kliniki, zikasomwa, na katibu akaandika kila neno kwenye muhtasari. Siri aliyotaka kuificha kwa mtu mmoja ikaishia kwenye faili. Hakufukuzwa, alipewa onyo la mwisho la maandishi, lakini aliondoka mwenyewe baada ya miezi michache.

Kuna hasara nyingine ambayo watu hawaihesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 4 zenye malipo kwa kifo cha mwenzi, mzazi, bibi au babu, mjukuu au ndugu, na kwa ugonjwa au kifo cha mtoto. Siku hizo ni nne kwa jumla ndani ya mzunguko wa miezi 36, wafe watu wangapi. Ukizimaliza kwa bibi aliye hai, siku mama atakapofariki kweli huenda ukazika bila malipo.

Sasa mlango wa tatu. Hakuna likizo yenye jina la upandikizaji katika sheria yetu, kwa hiyo unatumia mbili zilizopo: likizo ya mwaka, siku 28, na likizo ya ugonjwa, siku 126 katika miezi 36, ambapo 63 za kwanza ni mshahara kamili na 63 zinazofuata ni nusu. Ya mwaka haidai sababu yoyote. Ya ugonjwa inadai cheti cha daktari, ile karatasi tunayoiita ED. Bila hiyo mwajiri halazimiki kulipa.

Ugumu halisi uko kwenye tarehe, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa wakaona afadhali uongo. Matibabu haya yanafuata hedhi, hayafuati kalenda ya ofisi. Nimchukue mteja wangu mmoja, nimwite Neema, jina si lake. Hedhi aliitarajia tarehe 6 Juni. Sindano za kukuza mayai zinaanza siku ya pili au ya tatu ya hedhi na huenda kama siku 10 hadi 12, huku akipimwa ultrasaundi kila baada ya siku mbili tatu kuona mayai yanakuaje. Daktari akiridhika anampa sindano ya mwisho, na mayai yanavunwa saa 34 hadi 36 baadaye. Saa hizo hazisogezwi kwa sababu kuna kikao cha bajeti. Kwake ilitoka hivi: sindano ya mwisho usiku wa tarehe 17, kuvuna asubuhi ya tarehe 19, kiinitete, yaani yai lililorutubishwa maabara, kurudishwa tumboni tarehe 24. Lakini mwezi Mei, wakati wa kuandika barua, hakuna aliyeweza kumwambia hizo tarehe.

Kwa hiyo tuliandika dirisha badala ya tarehe moja. Sehemu ya katikati ya barua yake ilikuwa hivi:

"Naomba likizo ya mwaka ya siku 14 kuanzia tarehe 5 Juni. Nitakuwa kwenye matibabu yaliyopangwa na daktari nje ya Mwanza, na kwa maelekezo yake tarehe ya kuanza inaweza kusogea mbele kwa siku zisizozidi 4. Nitathibitisha kwa ujumbe siku mbili kabla. Huenda nikahitaji siku chache za likizo ya ugonjwa baada ya hapo, ambazo nitaziwasilishia cheti. Kazi za ankara zitakaimiwa na mwenzangu wa dawati, nimeshamkabidhi."

Msome tena mtafute neno la uongo. Halipo. Mtafute neno "uzazi". Nalo halipo. Likizo ya mwaka ilimfikisha tarehe 18, na ED ya siku 7 kuanzia 19 ikamvusha kuvuna na kurudishiwa kiinitete. Alibakiwa na siku 14 za mwaka, na hizo nilimwambia azifunge kama akiba: mzunguko unaweza kuahirishwa mayai yakigoma kukua, na siku ya kupima mimba, ambayo kwake ilikuwa mwanzoni mwa Julai, si siku ya kukaa kwenye dawati la ankara.

Fomu ikiwa na kisanduku cha "sababu", andika "matibabu". Usiandike "mambo ya kifamilia". Maneno hayo matatu yanamwita kila mwenye masikio, na meneja atakuuliza familia ina nini.

Dhana: "ED lazima iandike ugonjwa."

Sheria inataka cheti kitoke kwa daktari aliyesajiliwa, au mwingine ambaye mwajiri anamkubali na asimkatae bila sababu ya msingi. Haisemi cheti kitaje utambuzi wa ugonjwa. Kinachonihusu mimi ni kwamba huyu mtu hafai kazini kuanzia lini hadi lini. Mwombe daktari aandike hivyo tu: "yuko chini ya matibabu, apumzike kuanzia 19 hadi 25 Juni", sahihi, mhuri, namba ya usajili.

Sasa tatizo ambalo hakuna anayelikumbuka mpaka karatasi iko mezani: kichwa cha barua. Umeficha kila kitu, halafu ED imechapwa juu "Kituo cha Uzazi na Upandikizaji" kwa herufi za bluu, na mhuri umerudia. Kama kliniki iko ndani ya hospitali kubwa, omba karatasi ya hospitali. Kama ni kituo kinachojitegemea, peleka bahasha iliyofungwa, andika juu "SIRI", taja jina la ofisa mmoja wa kuifungua, na usimpe mlinzi wala mtu wa masijala akupelekee. Usiipige picha ukaituma wasapu kwa sapavaiza. Nimeona ED ikizunguka kwenye kundi la zamu ya usiku kabla mwenyewe hajatoka hospitali. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mwajiri anayeziachia zizagae anajitafutia kesi, lakini ukishachekwa umeshachekwa. Wanaotibiwa Nairobi waulize mapema kama ofisi itamkubali daktari wa huko, wasingoje kurudi na karatasi.

Dhana: "HR anaweza kumpigia daktari akaambiwa yote."

Naweza kupiga kuuliza kama cheti ni chao kweli. Wakinijibu ndiyo, simu imeisha. Daktari anayenieleza zaidi bila ridhaa yako amevunja miiko ya kazi yake, na mimi niliyeuliza sina cha kujivunia.

Dhana: "Baada ya kupandikizwa lazima nilale wiki mbili."

Hii inaleta maombi ya siku 14 za ED ambazo daktari mwenyewe hakuzitaka. Kulala kitandani baada ya kiinitete kurudishwa hakujaonekana kuongeza uwezekano wa mimba. Hakitoki kwa kutembea. Anayebeba makreti ya sangara kwenye chumba cha baridi aombe kazi nyepesi, anayekaa kwenye kompyuta anaweza kurudi baada ya siku moja mbili kama daktari hana neno. Siku za ugonjwa zitunze kwa kinachoweza kuja kweli: tumbo kuvimba haraka, uzito kupanda ndani ya siku chache, kutapika, mkojo kupungua, pumzi kubana. Hizo ni dalili za ovari kuzidiwa na dawa. Hapo nenda hospitali kwanza, barua itafuata.

Dhana: "Mume naye ana likizo ya kumsindikiza."

Hana. Zile siku nne zinataja ugonjwa wa mtoto, hazitaji ugonjwa wa mke. Atumie likizo ya mwaka, na aiombe mapema kwa dirisha lile lile, maana siku ya kuvuna mayai mbegu zinahitajika asubuhi hiyo hiyo. Akiwa hana uhakika wa ruhusa, waulize kliniki kuhusu kuzigandisha kabla.

Dhana: "Nimeajiriwa juzi, lakini likizo ni haki."

Chini ya miezi sita kazini sheria haikupi likizo yenye malipo. Zungumza likizo bila malipo, au subiri mzunguko mwingine kama umri na daktari wanaruhusu.

Dhana: "Mimba ikishika niwaambie mara moja."

Taarifa ya likizo ya uzazi inatakiwa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Kabla ya hapo sheria haikudai utoe taarifa hiyo. Kama kazi yako ina kemikali au kubeba vizito, mwambie mapema mtu mmoja anayeweza kukubadilishia kituo. Na mimba ilipatikanaje, fomu ya likizo ya uzazi haina kisanduku cha kuuliza hilo.