HbA1c ya 7.6 kwa mama mwenye upungufu wa damu: tusome nini kabla ya kuongeza dawa

Mama wa miaka 43 anakuja kliniki na karatasi ya maabara. Ana kisukari kwa miaka minne, anatumia metformini, na HbA1c yake, kipimo kinachokadiria sukari ya miezi kama mitatu iliyopita, ni asilimia 7.6, wakati lengo alilopewa ni chini ya 7. Anaanza kujitetea kabla hajaketi: "Mwanangu, mimi chapati niliacha tangu mwaka jana." Kwa namba hiyo peke yake, wengi wangehitimisha kwamba anaficha anachokula, au kwamba dawa haitoshi.

Kabla ya kuhukumu, tuangalie kipimo kinasoma nini. Sukari iliyomo kwenye damu hunata kwenye hemoglobini, protini iliyomo ndani ya seli nyekundu, na kadiri inavyokuwa nyingi ndivyo inavyonata zaidi. Ikishanata hubaki hapo hadi seli nyekundu ife, na seli hiyo huishi takriban siku 120. Kwa hiyo HbA1c inategemea mambo mawili: kiasi cha sukari, na umri wa seli zilizopimwa. Mtu mwenye upungufu wa madini ya chuma hutengeneza seli mpya chache, hivyo zilizopo huwa na umri mkubwa zaidi kwa wastani. Zimekaa na sukari muda mrefu, na HbA1c hupanda hata kama sukari yenyewe haijapanda.

Karatasi ya mama huyu inaonyesha hemoglobini ya 8.4, wakati kwa mwanamke asiye mjamzito kuanzia 12 ndiyo inayotakiwa. Ukubwa wa seli, unaoandikwa MCV, ni 69, yaani seli ni ndogo. Hiyo ndiyo sura ya kawaida ya upungufu wa madini ya chuma, ingawa feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, ndiyo inayothibitisha vizuri zaidi.

Sasa daftari lake la glukomita. Asubuhi kabla ya kula anapata kati ya 6.1 na 6.9, saa mbili baada ya mlo, kati ya 8.1 na 9.4. Wastani wa vipimo vyake vyote ni 7.7. HbA1c ya 7.6 ingetaka wastani wa karibu 9.5, kwa hesabu hii:

```
wastani wa sukari (mmol/L) = 1.59 × HbA1c − 2.59
```

Pengo hilo si dogo. Wala hatuwezi kuisingizia glukomita, kwa sababu damu ikiwa na seli nyekundu chache glukomita nyingi husoma juu kuliko ukweli, si chini. Linalobaki ni kuhakikisha kwamba hapimi siku za mlo mwepesi tu, na hilo hujulikana kwa kuulizia ulaji.

Hapa sianzi na "unakula nini?", kwa sababu jibu huwa ni chakula cha siku ya kliniki. Naomba anisimulie jana yake, tangu alipoamka. Kisha nauliza kuhusu mwezi uliopita: kulikuwa na harusi, msiba, mfungo? Karibu nusu ya HbA1c hutokana na siku 30 za mwisho, kwa hiyo mwezi huo una uzito kuliko ile miwili iliyotangulia. Ugali wake ni wa kadiri ya ngumi moja, maharage na mchicha kila siku, soda hanywi. Lakini chai ya rangi anakunywa pamoja na kila mlo, nyama anakula mara moja kwa wiki, hedhi yake ni nzito, na kwa aibu kidogo anakiri kwamba anatafuna udongo. Chai huzuia chuma cha mboga na maharage kufyonzwa, na hamu ya udongo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma. Maelezo yake, daftari na maabara vinakubaliana.

Kumwongezea glibenklamidi, dawa inayosukuma mwili kutoa insulini zaidi, kungeweza kumshusha sukari hadi kuzimia. Anachohitaji kwa daktari ni uchunguzi wa hedhi na vidonge vya chuma. Kwetu, upande wa ulaji, aache udongo na ahamishie chai angalau saa moja baada ya mlo. Kwa kuwa metformini ya muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12, nayo ipimwe, hasa seli zikionekana kubwa badala ya ndogo.

Usirudie HbA1c baada ya wiki sita ukafurahi imeshuka. Vidonge vya chuma humwaga seli changa kwa wingi, na hizo hazijapata muda wa kunasa sukari. Subiri miezi mitatu baada ya hemoglobini kutengemaa, na katikati ya hapo tegemea daftari.

Hatari ninayoihofia zaidi ni ya upande wa pili. Mgonjwa wa selimundu, aliyetoka kuongezewa damu, au ambaye malaria imemharibia seli, anaweza kupata 5.6 na kuambiwa yuko salama huku akiamka usiku mara nne kukojoa. Kwa mwenye ugonjwa wa selimundu HbA1c haifai kabisa. Tumia glukomita, au fruktosamini panapopatikana, ambayo huonyesha wiki mbili hadi tatu zilizopita.