Nembo na sekunde tatu za mwanzo za tangazo la video

Video nyingi za matangazo ninazoletewa hapa Kisumu huanza kwa namna moja: skrini nyeupe, nembo inajitokeza taratibu katikati, muziki unapanda. Bidhaa inafuata baadaye. Mama mmoja mwenye duka la majiko karibu na soko la Kibuye alinieleza sababu yake waziwazi: "Kijana wangu, hiyo nembo niliilipia. Waione kwanza." Nikamwambia, "Sawa mama, lakini tuangalie kama kweli wanaiona."

Tuliifungua fremu kwa fremu. Ilikuwa video ya fremu 25 kwa sekunde, na nembo ilihitaji fremu 20 kutoka weupe mtupu hadi jina lisomeke. Hiyo ni sekunde 0.8. Mtu anayepitisha kidole kwenye Facebook akiwa ndani ya matatu hakupi muda huo. Aliyeondoka kwenye nusu sekunde hakuona nembo wala jiko, aliona weupe.

Kupima jambo hili kwenye Ads Manager, chombo cha Facebook cha kusimamia matangazo, mimi hugawanya `3-second video plays` kwa `Impressions`, yaani idadi ya mara tangazo lilizoonyeshwa. Kabla ya kulaumu mwanzo wa video, tazama kwanza `Video plays`. Ikiwa iko chini sana kuliko `Impressions`, huenda video haikuanza kabisa, kwa sababu mtandao ni dhaifu au mtu amezima video kujicheza zenyewe ili kuokoa bando. Hapo nembo haina kosa. Na usilinganishe namba hizi na za YouTube: kwenye yale matangazo yanayoweza kurukwa, kitufe cha kuruka hakifanyi kazi hadi sekunde ya tano, kwa hiyo sekunde tatu za mwanzo zitaonekana salama hata kama watu wamechoka.

Tuchukue namba za kufanyia hesabu tu. Tangazo limeonyeshwa mara 10,000. Toleo la kwanza linaanza na nembo: 4,000 wanavuka sekunde ya kwanza, 1,800 wanafika ya tatu. Toleo la pili linaanza na mkono unaogeuza samaki kwenye sufuria juu ya jiko, na nembo inakuja sekunde ya 12: 2,700 wanafika ya tatu, lakini 600 tu wanafika ya 12. Asilimia 27 dhidi ya 18, na hapo wengi hutangaza mshindi. Mimi husita. Toleo la kwanza limesomesha jina watu karibu 4,000, ila zaidi ya nusu yao hawajui linauza nini. La pili limeonyesha jiko kwa watu wengi zaidi, lakini zaidi ya 2,000 waliolitazama vizuri waliondoka bila kuliona jina ndani ya video. Wanaweza kwenda kununua jiko kwa jirani.

Nasema ndani ya video kwa sababu kwenye mlisho wa Facebook jina la ukurasa na picha yake tayari viko juu ya tangazo. Kwa hiyo ile kadi nyeupe mara nyingi hurudia kilichokwisha andikwa, tena kwa sekunde ghali kuliko zote.

Ndiyo maana tulirekodi toleo la tatu. Samaki wanageuzwa tangu fremu ya kwanza, na jina limebandikwa kwenye ubavu wa jiko lenyewe, kwa herufi kubwa, likitazama kamera. Hapa kuna mtego mmoja: kwenye Reels, sehemu ya chini ya skrini, karibu asilimia 35, hufunikwa na maelezo na kitufe. Stika ya mama ilikuwa chini kabisa ya jiko, ikazikwa huko. Tulipandisha jiko juu ya stuli, jina likakaa katikati. Kulitaja kwa sauti tu kusingetosha, maana wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa.

Matoleo haya niliyaweka kwenye jaribio la A/B, bajeti sawa, hadhira isiyoingiliana. Ukiyatupa yote kwenye kundi moja la matangazo, mfumo utamwaga pesa kwa moja mapema, na utabaki unalinganisha watu tofauti.

Asilimia ya sekunde tatu haikuambii nani alikumbuka jina. Utafiti wa kupima kumbukumbu unahitaji bajeti ambayo duka la Kibuye halina. Kwa mama tuliangalia gharama ya kila ujumbe wa WhatsApp unaotoka kwenye kila toleo, na kijana wake wa kaunta akawa anauliza kila mteja mpya swali moja: "Umelijuaje jina letu?"