Elementi ya wati 3000 hutoa wati ngapi umeme ukishuka hadi volti 200?

Tuchukue hita ya maji ambayo kibandiko chake kinasema 240 V, 3000 W. Umeme umeshuka, multimeta inasoma volti 200 kwenye vituo vya elementi yenyewe. Je, elementi inavuta ampea ngapi sasa, na inatoa joto kiasi gani?

Majibu mawili yasiyo sahihi husikika mara nyingi. La kwanza ni kugawa 3000 kwa 200 na kupata ampea 15, eti umeme ukipungua mkondo hupanda ili kufidia. La pili ni kusema kwamba 200 ni asilimia 83 ya 240, kwa hiyo nguvu nayo ni asilimia 83, yaani wati 2500. Yote mawili yanakosea mahali pamoja: yanasahau kwamba wati 3000 si mali ya elementi. Ni matokeo ya elementi hiyo kukutana na volti 240. Kilicho mali yake hasa ni ukinzani wa waya uliomo ndani, na huo haujui kama umeme wa leo ni mwingi au mdogo.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye ukinzani. Kibandiko kinatupa V na P, na hivyo viwili vinatosha:

```
I = P / V  = 3000 / 240    = 12.5 A
R = V² / P = 240² / 3000   = 19.2 Ω
```

Hapo V lazima iwe volteji ile ile iliyoandikwa kando ya wati, si ile unayoipima ukutani. Ukichanganya 3000 ya kibandiko na 200 ya leo, unapata ukinzani wa elementi isiyokuwepo.

Vibandiko vingine huandika masafa, mathalani 220–240 V, 1850–2200 W kwenye birika. Watu hubaki wakijiuliza watumie namba ipi. Oanisha ndogo na ndogo, kubwa na kubwa: 220² ÷ 1850 ni 26.2 Ω, na 240² ÷ 2200 ni 26.2 Ω. Ni elementi moja, imeandikwa kwa volteji mbili.

Sasa rudi kwenye volti 200, ukiwa umeshika 19.2 Ω mkononi:

```
I = 200 / 19.2   = 10.4 A
P = 200² / 19.2  = 2083 W
```

Mkondo umeshuka, haukupanda. Nguvu nayo imeshuka hadi asilimia 69 ya ile ya kibandiko, kwa sababu volteji inahesabiwa mara mbili: inapopungua, inasukuma ampea chache, na kila ampea inabeba nishati kidogo. Ndiyo maana upungufu wa asilimia 10 kwenye volti hugeuka upungufu wa asilimia 19 kwenye joto. Lile wazo la mkondo kupanda limetoka kwenye mota zilizobeba mzigo, ambazo kweli huweza kuvuta zaidi umeme ukiwa mdogo. Elementi haina tabia hiyo.

Kwa mtumiaji, tofauti huonekana kwenye saa. Kupasha lita 50 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 za selsiasi kunahitaji joto la takriban megajuli 8.4, yaani uniti 2.3 za umeme. Kwa wati 3000 ni dakika 46 na ushei; kwa wati 2083 ni dakika 67, bila kuhesabu joto linalovuja kupitia ukuta wa tangi. Thamostati itakata pale pale kwenye nyuzi 60, ila imechelewa. Wala bili haipungui: uniti ni zile zile, tena huongezeka kidogo kwa kuwa tangi limekuwa likivuja joto kwa muda mrefu zaidi.

Je, ni haki kuuchukulia ukinzani kama usiobadilika? Kwa elementi ya nikromu, ndiyo, kwa hesabu za kazi. Ikipata moto, ukinzani wake hupanda kwa asilimia chache tu. Usijaribu hesabu hii kwenye balbu ya waya wa tangsteni, maana ikiwa baridi ukinzani wake huwa karibu sehemu moja ya kumi, au chini ya hapo, ya ule wa ikiwa inawaka.

Kupima kwa mkono ni rahisi. Zima umeme kwenye swichi kuu, hakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme, kisha chomoa angalau waya mmoja wa elementi ili usipime na vitu vingine vilivyounganishwa nayo. Gusanisha ncha za multimeta kwanza, zikisoma 0.4 Ω, huo ni ukinzani wa nyaya za mita, uutoe. Ukisoma 19.7 Ω, elementi ina 19.3 Ω, na ni nzima. Usitarajie 19.2 kamili: kiwango cha IEC 60335-1 huruhusu nguvu ya kifaa cha joto kama hiki kuzidi kwa asilimia 5 au kupungua kwa asilimia 10, kwa hiyo chochote kati ya takriban 18.3 na 21.3 Ω ni cha kawaida. Mita ikionyesha OL, waya umekatika ndani. Ikionyesha kama 38 Ω kwenye hita yenye elementi mbili za wati 1500 zilizounganishwa sambamba, moja imekufa. Na kati ya kituo chochote na ganda la chuma mita isionyeshe njia kabisa. Ikionyesha, elementi inavujisha na haifai, hata kama ile 19.3 ni nzuri.

Sasa jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko dakika 20 za kusubiri maji: zile volti zimepotelea wapi? Pima mara mbili, kwenye waya unaoingia hita ikiwa imezimwa, na kwenye vituo vya elementi ikiwa inavuta, kwa mita na ncha zinazofaa kupimia umeme wa ukutani. Tuseme bila mzigo unapata 238 V kwenye waya unaoingia, na hita ikiwaka unapata 200 V. Volti 38 zimeliwa njiani, na ampea 10.4 ndizo zinazopita:

```
R ya njia = 38 / 10.4  ≈ 3.7 Ω
joto njiani = 38 × 10.4 ≈ 395 W
```

Karibu wati 400 zinageuka joto mahali fulani kati ya elementi na transfoma. Zikiwa zimetawanyika kwenye laini ndefu ya nje, zinapotea angani. Zikiwa zimejikusanya kwenye skrubu moja iliyolegea ndani ya soketi, plastiki itayeyuka. Kupata jibu, pima kwenye swichi kuu hita ikiwa inavuta. Hapo pia ukipata kama 200, tatizo liko upande wa laini, na ni kazi ya shirika la umeme. Ukipata 235, volti 35 zinapotelea ndani ya nyumba: zima hita hiyo, na usiiwashe tena mpaka fundi amekagua kila kiungo, soketi na unene wa waya kutoka swichi kuu hadi kwenye elementi.